Kripto haifungi: jinsi ya kupanga ulinzi wa usiku na wikendi kama umetoka kwenye hisa (mwongozo kamili)

Nimeandika huu mwongozo kwa sababu moja tu. Kila Jumatatu nakutana na meseji zinazofanana: "nimeamka akaunti imeungua", "stoplosi ilikuwepo lakini haikufanya kazi", au ile nyingine, "alati zilikuwa zinalia usiku kucha nikazizima, asubuhi nikakuta bei imeshaenda na kurudi". Karibu wote wana kitu kimoja, walianza kwenye hisa na wakaja na ratiba ya hisa.

Kwenye hisa soko lenyewe linakulinda bila wewe kujua. Likifungwa Ijumaa hakuna anayeweza kukutoa kwenye tredi mpaka Jumatatu, habari mbaya ikitoka Jumamosi unapata siku mbili za kufikiri. Kripto haina hicho kitu. Bei ya Jumamosi saa nane usiku ni bei halali kama ya Jumanne mchana, na jukwaa linaweza kukufungia tredi kwa nguvu hapo hapo na dhamana yako ikaenda, ndiyo kuungua kwenyewe.

Kwahiyo tunachotengeneza hapa siyo ratiba ya kuangalia chati zaidi. Tunaipanga tredi ili ikifika Ijumaa usiku isihitaji mtu wa kuiangalia, halafu tunabakiza alamu chache sana kwa yale mambo ambayo kweli kuna kitu utafanya ukiamka.

Mfano wote nitautumia mmoja, mtu amenunua BTC kwa levereji ya mara 5 kwenye fyucha. Kama wewe una spoti tu bila levereji, hatua ya 3 inakuhusu kidogo sana, ila nyingine zote zisome, hasa ya 6.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Apu ya jukwaa unalotredia, na pembeni yake apu ya chati ambayo siyo ya jukwaa hilo. Lazima viwe viwili tofauti, sababu nitaieleza kwenye alamu.
- Simu yenye uwezo wa kuruhusu apu fulani tu ipite kwenye `Do Not Disturb`.
- Njia ya pili ya kuingia kwenye akaunti kama simu ikifa: kompyuta au tableti ambayo umeshaingia nayo angalau mara moja, na kodi za akiba za uthibitisho wa hatua mbili ziwe kwenye karatasi.
- Akiba ya stebokoini, yaani sarafu inayotakiwa kubaki sawa na dola moja, ambayo tayari ipo ndani ya jukwaa. Sehemu nyingi uhamisho wa benki haukamiliki wikendi, hela iliyoko benki Jumamosi ihesabu kama haipo.
- Daftari. Ndiyo, daftari la kawaida. Saa tisa usiku hutaki kutafuta faili.

## Hatua ya 1: Igawe wiki kwa saa za UTC

Majukwaa mengi yanafunga mshumaa wa siku saa 00:00 UTC, na mshumaa wa wiki unafunga Jumatatu saa 00:00 UTC. Fandingi, yaani malipo kati ya walionunua na waliouza, kwenye fyucha nyingi inalipwa kila baada ya saa 8, yaani 00:00, 08:00 na 16:00 UTC. Ukiandika ratiba yako kwa saa za huko uliko utachanganya, na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada maana "saa tatu usiku" kwenye simu inaonekana 21:00. Andika tarakimu, na uandike UTC pembeni kila mara.

Sasa chora vipande vitatu.

Siku ya kazi: saa ulizo macho, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Usiku wako: saa unazolala siku za kazi. Hiki kipande ni chako binafsi, soko halina usiku, wewe ndiye mwenye usiku.

Wikendi: hii inaanza soko la hisa la New York linapofunga Ijumaa, saa 20:00 UTC kipindi wao wako kwenye saa za kiangazi na 21:00 UTC kipindi kingine. Kwanini New York? Kwa sababu tangu Januari 2024 zile ETF za BTC zinauzwa kule, na zinafuata saa za hisa. Zikifunga, wanunuzi wakubwa wanaopitia huko wanaondoka, benki zinafunga, na makampuni yanayoweka oda za kununua na kuuza muda wote mara nyingi yanapunguza kiasi. Oda zilizobaki kwenye kitabu ni chache, kwahiyo muuzaji yule yule aliyesogeza bei kidogo Jumatano anaisogeza mbali zaidi Jumamosi.

Wengi wanakosea mwisho wa wikendi. Wanaona Jumapili jioni mambo yametulia wanaondoa ulinzi. Tarehe 5 Agosti 2024 ilikuwa Jumatatu, na BTC ilishuka chini ya dola 50,000 wakati masoko ya Asia yako wazi, saa ambazo Marekani bado ilikuwa Jumapili usiku au alfajiri. Sheria za wikendi zinaisha baada ya ukaguzi wako wa kwanza wa Jumatatu ukiwa macho, siyo kabla.

*Imefanikiwa kama:* una karatasi moja yenye vipande vitatu, kila kimoja kina saa ya kuanza na kuisha kwa UTC, na hakuna saa hata moja ya wiki iliyobaki bila kipande.

## Hatua ya 2: Pima wikendi 12 zilizopita

Hii watu wanairuka kwa sababu inachosha, halafu wanaweka alati kwa kubahatisha. Inachukua kama nusu saa, vumilia.

Fungua chati ya BTCUSDT ya saa 1, weka saa za chati ziwe UTC. Kwa kila wikendi andika namba mbili: bei ya Ijumaa saa 21:00 UTC, na bei ya chini kabisa iliyoguswa kati ya hapo na Jumatatu saa 06:00 UTC. Piga hesabu ya asilimia iliyoshuka. Kama umeuza (yaani una shoti) andika bei ya juu badala ya ya chini.

Ukimaliza una namba 12. Mbili ndizo tunazitumia, ile ya katikati na ile mbaya kuliko zote. Tuseme kwenye mfano wetu ya katikati ni 3% na mbaya kabisa ni 6%. (Zako zitakuwa tofauti, usichukue zangu, hizi ni za mfano.)

Onyo kubwa hapa. Wikendi 12 zinakuonyesha wikendi za kawaida, hazikuonyeshi ile mbaya sana. Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021 BTC ilifungua siku karibu na 53,600, ikashuka mpaka karibu 42,000 ndani ya saa chache za mwanzo wa siku UTC, halafu ikamaliza siku karibu na 49,100. Angalia vizuri hizo namba tatu. Mtu wa spoti alimaliza siku akiwa amepoteza kama 8%. Mtu wa levereji mara 5 aliyeingia pale juu alikuwa ameshaungua, kwa sababu mteremko wa katikati ulikuwa zaidi ya 21%. Bei ilirudi, yeye hakurudi.

Kwahiyo namba zako 12 ni za kuwekea alamu na stoplosi. Kwa bei ya kuungua tumia mteremko wa 4 Desemba na uongeze nafasi juu yake. Mimi natumia 30% kwa BTC. Sarafu ndogo sizilalii na levereji kabisa wikendi, maana Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025 baadhi yake zilipoteza zaidi ya nusu ya bei kwa dakika chache.

*Imefanikiwa kama:* una namba tatu kwenye daftari, ya katikati, mbaya, na ile 30%.

## Hatua ya 3: Ijumaa, sogeza bei ya kuungua mbali

Fanya hii masaa mawili kabla wikendi haijaanza. Siyo dakika ya mwisho, kwa sababu ukihitaji kupunguza unataka kitabu cha oda bado kiwe kinene.

Hesabu ya haraka kwa aliyenunua, akiwa kwenye `Isolated`, yaani dhamana ni ile uliyoitengea tredi hii peke yake:

```
bei ya kuungua = bei ya kuingilia × (1 − 1/levereji + 0.005)
```

Hiyo 0.005 ni dhamana ya chini ambayo jukwaa linataka ibaki, mara nyingi ni karibu hapo kwa poziseni ndogo za BTC. Namba kamili utaisoma kwenye skrini pale `Liq. Price`, hesabu hii ni ya kupangia.

Mfano wetu: umenunua 0.05 BTC kwa 60,000. Thamani ni dola 3,000, levereji mara 5, dhamana uliyoweka ni dola 600. Bei ya kuungua inatoka 48,300. Hiyo ni 19.5% chini ya ulipoingia. Wikendi ya kawaida inapita salama, ile ya 4 Desemba haikuachi.

Tunataka zaidi ya 30%. Kwa levereji mara 3 hesabu inatoa 40,300, yaani karibu 33% chini. Tunafikaje huko?

Njia ya kwanza, ongeza dhamana. Dola 3,000 kwa mara 3 inataka dola 1,000, kwahiyo unaongeza 400 kutoka kwenye akiba. Ni rahisi, ila sasa umeweka hela nyingi zaidi hatarini.

Njia ya pili ndiyo naipenda mimi, punguza ukubwa. Lakini hapa kuna mtego ambao umewaumiza wengi, soma taratibu. Ukiwa kwenye `Isolated` na ukafunga sehemu ya poziseni, jukwaa kwa kawaida linakurudishia na dhamana ya ile sehemu. Ukifunga 0.02 kati ya 0.05, dola 240 za dhamana zinarudi kwenye akaunti, unabaki na 0.03 yenye dhamana 360. Levereji bado ni mara 5! Bei ya kuungua haijasogea, bado 48,300. Mtu anajiona amepunguza hatari anaenda kulala, kumbe alichopunguza ni kiasi tu cha kupoteza, umbali ni ule ule.

Kwahiyo ni mambo mawili: funga 0.02, halafu ingia kwenye sehemu ya kuongeza dhamana urudishe zile 240. Sasa una 0.03 BTC yenye thamani ya 1,800 na dhamana 600, hiyo ndiyo mara 3 ya kweli. Angalia `Liq. Price` isome karibu na 40,300. Kama haijasogea, hujamaliza.

Jingine dogo: kwenye `Cross` dhamana ni salio lako zima, kwahiyo ile bei ya kuungua inabadilika kila tredi nyingine inapopata au kupoteza. Wikendi hutaki namba inayotembea wakati umelala. Tumia `Isolated`, na ujue majukwaa mengi hayakuruhusu kubadilisha ukiwa na poziseni wazi, amua tangu unaingia.

Na fandingi usiisahau. Kutoka Ijumaa usiku mpaka Jumatatu asubuhi unapita malipo kama 7 au 8. Ikiwa 0.01% kila mara ni senti tu kwa poziseni kama hii, ikiwa imepanda mara kumi angalia tena kama kweli unataka kuibeba wikendi nzima.

*Imefanikiwa kama:* `Liq. Price` iko zaidi ya 30% kutoka bei ya sasa, na umeisoma kwa macho yako kwenye skrini, siyo kwenye daftari.

## Hatua ya 4: Stoplosi ya wikendi siyo stoplosi ya mchana

Mchana uko macho, stoplosi ikikosea unarekebisha. Usiku haina msaidizi, kwahiyo aina yake ni muhimu kuliko bei yake.

Tumia `Stop Market`, usitumie `Stop Limit`. `Stop Limit` inasema "bei ikifika hapa weka oda ya kuuza, ila siyo chini ya hapa". Bei ikiruka ile nafasi kwa haraka, oda inabaki imekaa juu, haijauzwa, na bei inaendelea kuteremka. Mimi ilishanitokea. Nilikuwa nimeweka pengo la dola 50 kati ya bei ya kuamsha na bei ya kuuzia, nikaamka oda iko pale pale imeandikwa haijajazwa na bei iko mbali chini. Nilikuwa na hasira na jukwaa siku nzima mpaka nikasoma vizuri nilichoweka, ilifanya nilichoiambia. `Stop Market` utauza kwa bei mbaya kidogo, lakini utauza.

Chagua inaamshwa na nini. Sehemu nyingi kuna `Last Price` na `Mark Price`. `Last Price` ni tredi ya mwisho kwenye jukwaa hilo tu. `Mark Price` inatengenezwa kwa kuchanganya bei za majukwaa kadhaa, na ndiyo inayotumika kuamua kuungua. Wikendi kitabu kikiwa chembamba muuzaji mmoja anaweza kutoboa `Last Price` kwa sekunde chache kwenye jukwaa moja halafu ikarudi, na wewe umeshatolewa. Kwahiyo wikendi naweka `Mark Price`. Ina gharama yake, kwenye anguko la kweli inachelewa kidogo na unatoka chini zaidi, lakini kwa kuwa hatua ya 3 imeshasogeza bei ya kuungua mbali, hiyo gharama unaimudu. Kama hujafanya hatua ya 3, usichague `Mark Price`, hujapata hiyo nafasi.

Weka `Reduce Only`. Bila hiyo, ukifunga poziseni kwa mkono na ukasahau kufuta stoplosi, bei ikifika pale inaweza kukufungulia shoti mpya ukiwa usingizini.

Bei yenyewe: iwe nje ya ile wikendi mbaya kwenye daftari lako. Mfano wetu mbaya ni 6%, naweka 8%. Tuseme Ijumaa bei bado ni 60,000, stoplosi ni 55,200. Hasara ni 4,800 mara 0.03, dola 144. Ukiuzwa chini zaidi, tuseme 54,600, ni dola 162. Andika zote mbili. Kama 162 inakuuma kuisoma Ijumaa ukiwa umetulia, poziseni bado ni kubwa, rudi hatua ya 3.

*Imefanikiwa kama:* kwenye orodha ya oda zilizo wazi unaona stoplosi moja tu, kiasi chake ni 0.03 na siyo 0.05 ya zamani.

## Hatua ya 5: Alamu mbili za kukuamsha, basi

Alati za mchana usizilalie. Alati ya 1% mchana ni habari, usiku ni kelele, na kelele inaishia kwenye kuzimwa, na ikizimwa na ile ya muhimu imezimika humo humo. Watu hawakosi alati, wanakosa sababu ya kuamka.

Kanuni ninayotumia: alamu hairuhusiwi kuniamsha kama sijaandika kwenye daftari kitu nitakachofanya. Kwenye mfano wetu zinabaki mbili.

Alamu A, 56,400 (ile 6%, wikendi mbaya kuliko zote 12). Wikendi imekuwa mbaya kuliko kawaida. Kitendo: hakikisha stoplosi ipo na kiasi ni sahihi, angalia stebokoini, chagua moja kati ya kuacha au kufunga nusu. Basi.

Alamu B, 54,600. Hapa bei imeshaipita stoplosi. Kitendo: angalia kama stoplosi ilijazwa. Kama poziseni bado ipo, funga kwa `Market` hapo hapo.

Umeona hakuna alamu ya stoplosi kujazwa? Ikijazwa kazi imeisha, lala. Utaiona asubuhi.

Alamu B lazima itoke kwenye apu ya chati, siyo ya jukwaa. Ndiyo maana nilitaka ziwe mbili. Siku soko linapoanguka kwa nguvu ndiyo siku apu za majukwaa zinapokwama, na alamu inayotoka kwenye kitu kilichokwama haikufikii. Kwenye apu ya chati angalia vitu viwili: tarehe ya alati kuisha (nyingi zina muda, zinakufa kimya kimya) na mpangilio wa kulia mara moja tu. Ukiiacha ilie kila bei inapokatiza, bei ikicheza kwenye mstari utapigiwa mara ishirini.

Alati nyingine zote, ile 3% na ndugu zake, ziache ziingie kimya.

Ijaribu. Ijumaa hiyo hiyo weka alati ya majaribio dola 20 kutoka bei ya sasa, washa `Do Not Disturb`, weka simu chumba kingine. Usiposikia, hujamaliza. Watu wengi hapa ndipo wanagundua kuwa simu inaua apu ya chati ili kuokoa betri. Iruhusu ifanye kazi nyuma bila kizuizi cha betri, ujaribu tena.

*Imefanikiwa kama:* jaribio limekuamsha kweli, na ukihesabu baada ya mwezi umeamshwa mara moja au mbili tu. Ikizidi hapo, usizime, rudi hatua ya 2 upime upya.

## Hatua ya 6: Stebokoini wikendi, hii hata wa spoti isome

Kwenye hisa hela yako taslimu ni hela. Huku "hela" yako ni sarafu nyingine, na wikendi ndipo inapotetereka kwa sababu benki zilizoishikilia zimefungwa na hakuna wa kuhakikisha.

Ijumaa tarehe 10 Machi 2023 Silicon Valley Bank ilifungwa. Circle, wanaotoa USDC, wakasema dola bilioni 3.3 za akiba yao ziko humo. Jumamosi USDC ikashuka mpaka karibu senti 87. Jumapili serikali ya Marekani ikatangaza wenye amana watalipwa zote, Jumatatu USDC ikawa karibu na dola moja tena. Aliyeuza Jumamosi pale chini kabisa kwa hofu alipoteza zaidi ya 10% ya kitu alichokiita akiba salama.

Ungeweza kusema basi sheria ni kutouza. Hapana. Jumamosi tarehe 7 Mei 2022 stebokoini ya UST nayo ilianza kuteleza kidogo tu chini ya dola, ikakaribia kurudi kwa muda mfupi, halafu ikapoteza karibu thamani yake yote ndani ya siku chache.

Tofauti ilikuwa nyuma ya sarafu. USDC ilikuwa na dola za kweli, sehemu ndogo ikiwa imekwama kwenye benki moja, swali lilikuwa zitatoka lini na ngapi. UST haikuwa na dola nyuma, ilishikiliwa na utaratibu wa kubadilishana na sarafu nyingine ya mradi huo huo, na ile nyingine ikishuka hakuna cha kushikilia. Kwahiyo Ijumaa, ukiwa umetulia, andika kwenye daftari kila stebokoini unayoshika imesimama juu ya nini. Ile yenye dola na dhamana za serikali nyuma yake, ikishuka wikendi siuzi yote, natoa nusu ikifika senti 97, iliyobaki nasubiri benki zifungue. Ile isiyo na dola nyuma yake siibebi wikendi, kwisha.

Na usiweke stebokoini ya ajabu ajabu kama dhamana ya fyucha. Tarehe 10 Oktoba 2025, siku ile zaidi ya dola bilioni 19 za poziseni zilifungwa kwa nguvu ndani ya saa 24, stebokoini ya USDe ilionyesha karibu senti 65 kwenye jukwaa moja kubwa wakati kwingine ilikuwa imebaki karibu na dola. Waliokuwa wameitumia kama dhamana pale, dhamana yao ilipungua kwa theluthi wakati huo huo ambao tredi zao zilikuwa zinaanguka. Na ilitokea Ijumaa, hisa za New York zikiwa zimeshafunga.

*Imefanikiwa kama:* akiba iko kwenye stebokoini mbili tofauti, na kila moja ina mstari mmoja kwenye daftari: imesimama juu ya nini, na utafanya nini ikifika senti 97.

## Hatua ya 7: Ukiamshwa

Kaa kitako, washa taa. Usitredi ukiwa umelala chini na jicho moja, hiyo siyo utani, namba 0.03 na 0.3 zinafanana sana saa tisa usiku.

1. Soma kitendo cha alamu iliyolia kwenye daftari kabla ya kufungua chati. Ukianza na chati utaanza kutunga sababu.
2. Linganisha bei kwenye majukwaa mawili. Kama limeshuka moja tu na mengine yametulia, angalia stoplosi yako ipo, halafu usiguse kingine.
3. Fungua orodha ya poziseni, siyo salio. Kama ulikuwa na tredi mbili zinazokingana hakikisha zote mbili bado zipo. Kwenye anguko kubwa jukwaa linaweza kukufungia ile inayopata faida ili kufidia walioungua, na ukabaki na ile mbaya peke yake.
4. Fanya kitendo. Usiku kupunguza tu ndiyo kunaruhusiwa. Hakuna kuongeza dhamana, hakuna kusogeza stoplosi chini, hakuna kununua eti bei imekuwa rahisi.
5. Andika saa kwa UTC na ulichofanya. Dakika kumi zikiisha funga.

Kuhusu hiyo ya kutoongeza dhamana najua wengi mtabisha. Nimeona sana: mtu anaongeza 200, bei inashuka anaongeza 300, asubuhi amepoteza akiba yote kwenye tredi ambayo Ijumaa alikubali kupoteza 162. Kama apu imekwama kabisa, jaribu kompyuta. Nayo ikikwama, stoplosi iko kwenye seva ya jukwaa siyo kwenye simu yako, na umbali wa 33% ndiyo ulinunua Ijumaa kwa ajili ya dakika hizo.

## Hatua ya 8: Ukaguzi wa mchana wa wikendi na wa Jumatatu

Jumamosi na Jumapili angalia mara mbili kwa siku, dakika tano tano, saa zile zile. Mimi natumia baada ya 08:00 UTC na baada ya 20:00 UTC. Unaangalia vitu vitatu: stoplosi ipo, `Liq. Price` haijasogea, stebokoini ziko juu ya senti 99. Hufungui tredi mpya ya levereji, hata kama chati inapendeza, maana itakuwa haijapita hatua ya 3 na ya 4.

Usiku wa siku za kazi tumia mpango huu huu kwa ufupi: bei ya kuungua iache ilipo, ila stoplosi na alamu A na B zipime upya kwa usiku 20 uliopita badala ya wikendi 12. Utakuta umbali wake ni mdogo, na ni sawa.

Jumatatu, baada ya kuona New York imekaribia kufungua na hakuna kitu cha ajabu, rudisha alati zako za mchana na, ukitaka, ukubwa wako. Kisha ongeza namba ya wikendi iliyoisha kwenye ile orodha ya 12 na ufute ya zamani kuliko zote. Ikiwa namba mpya ni kubwa kuliko ile mbaya uliyokuwa nayo, alamu A na stoplosi za Ijumaa ijayo zinasogea mbali zaidi, na ukubwa wa poziseni unashuka mpaka ile hasara ya kwenye daftari irudi kwenye 162 au chini yake.